Maswali na majibu: Siku tano za mgeni Nairobi

*Mgeni wangu kutoka Tanga anafika Jumatano saa nane mchana na kuondoka Jumapili jioni. Nimpangie vipi?*

Jumatano usimkatie tiketi ya mahali popote. Mpaka atoke uwanja wa ndege na kuweka mizigo itakuwa saa kumi, na kuanzia hapo hadi saa mbili usiku barabara kuu hazisogei. Atembee mtaa aliofikia, ajue duka, kibanda cha matunda na stendi ya matatu viko wapi.

Alhamisi mpeleke upande wa Lang'ata, kwenye mbuga, ndovu na twiga. Ijumaa asubuhi Msitu wa Karura, mchana chakula cha Kihindi Parklands, ambako si mbali. Jumamosi katikati ya jiji. Jumapili asubuhi Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, kisha ashike barabara ya kulipia hadi uwanja wa ndege. Kila siku ina upande wake mmoja wa jiji, na ndiyo maana inabaki nafasi ya kuzurura. Wengi wanaolalamika kwamba Nairobi inachosha wameivuka mara tatu kwa siku.

*Mbuga ya Nairobi, ndovu, twiga na nyumba ya mwandishi Karen Blixen, tunaweza kumaliza vyote siku moja?*

Vitatu vya kwanza mnaweza. Cha nne kiacheni.

Siku hiyo inapangwa kuanzia katikati, kwa sababu kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick hupokea umma kwa saa moja tu, saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima mwe mmeweka nafasi mapema. Rudini nyuma kutoka hapo. Lango kuu la mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Muwe hapo wakati huo, maana jua likikaza simba hulala kwenye vichaka na hamtawaona. Lipieni mtandaoni kupitia eCitizen usiku uliotangulia, kwani langoni hawapokei pesa taslimu. Saa tatu na nusu anzeni kurudi, hata kama dereva amesikia habari za kifaru upande wa pili. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaongeza nusu saa mbugani, wanakwama Magadi Road, na wanapofika ndama wameshanyonya chupa zao za maziwa na kuanza kugaagaa kwenye matope.

Kuleni bila haraka, kituo cha twiga saa nane, na saa tisa na nusu muwe njiani kurudi. Mkiongeza nyumba ya Blixen mtapita vyumbani mbiombio, kisha Lang'ata Road iwashike hadi usiku.

*Kwani mbugani penyewe hakuna ndovu?*

Hakuna. Mtawaona Sheldrick tu.

*Naweza kwenda mbugani kwa matatu?*

Hadi langoni, ndiyo: 125 au 126, zile za Rongai. Ndani huruhusiwi kutembea kwa miguu, kwa hiyo bila gari utaishia Safari Walk, kile kijia cha mbao kilicho kando ya lango. Chupa za plastiki za kutupwa ziache nyumbani. Zimepigwa marufuku mbugani na misituni tangu Juni 2020, na Karura watakunyang'anya.

*Hiyo Jumamosi ya kuzurura mjini si kupoteza siku? Tutaona nini?*

Mtaona jiji lenyewe. Anzeni saa tatu asubuhi kwenye Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue, ambako ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Kisha nendeni Biashara Street, iliyoitwa zamani Bazaar Street, mkatazame kanga na vikoi. Mtu wa Tanga atasimama hapo muda mrefu akisoma majina ya kanga, mwacheni asome.

Kutoka hapo hadi Soko la Jiji, Muindi Mbingu Street, ni mwendo mfupi. Ingieni mpaka ndani kabisa, chini ya lile paa refu, na msinunue kwa bei ya kwanza. Msikiti wa Jamia uko jirani, na nyuma yake Maktaba ya McMillan ya 1931 yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Msiihamishie siku hii Ijumaa, kwa kuwa saa za swala eneo hilo hujaa na maduka mengi hufungwa, wala Jumapili, kwa kuwa mitaa hiyo huwa kimya. Malizieni kwa nyama choma Kariokor.

Simu isishikwe ukingoni mwa barabara. Ukitaka kusoma ramani, ingia dukani kwanza.

*Bustani ya miti ya Arboretum inafaa kwa picha?*

Inafaa sana, ila imepakana na Ikulu. Kamera ielekee kwenye miti.