Saa ya mwisho ya kurudi nyuma

"SACCOS yetu hapa Moshi inahamisha data kwenda mfumo mpya Ijumaa jioni, tunafungua Jumatatu saa 2 asubuhi. Tukikwama, mwisho wa kurudi mfumo wa zamani ni lini?"

Dada, hesabu kutoka Jumatatu kurudi nyuma. Kaka aliyejibu hapo juu anasema bekapu inatosha. Yuko sahihi nusu, kwa sababu bekapu ambayo hamjawahi kuirejesha hamjui itawachukua muda gani. Fanyeni zoezi kwa nakala kamili ya data na mpime kurejesha pia, si kuhamisha tu. Tuseme kurejesha kunachukua masaa 5 na kuhakiki masaa 2: ukitoa masaa hayo 7 kutoka saa 2 asubuhi, mwisho ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu. Mimi ningeamua Jumapili saa 3 usiku, watu wakiwa bado na akili.

Ruhusa ya kufungua itegemee jumla za akiba na mikopo kulingana hadi shilingi, tawi kwa tawi. Idadi ya wanachama inaweza kulingana huku salio limeharibika. Mwanachama akishaweka pesa Jumatatu, kurudi kutamaanisha kuingiza upya miamala ya siku hiyo.

Na wewe wa hoteli Arusha uliyeuliza kama mnaweza kufanya hivi hivi, nyie hamfungi wikiendi. Mpango huu hauwafai.