Mechi 34 kati ya 40

"Mama, kuna jamaa Telegram anauza mikeka. Anasema mechi zake 34 kati ya 40 zimetiki. Ada ni 20,000 kwa mwezi. Nijiunge?"

Mwanangu,

Usimpe hela. Jana usiku, nilipofunga hesabu za dagaa, niliipitia ile orodha uliyonitumia mstari kwa mstari. Nilianza na odi, maana ukihesabu ushindi bila kutazama odi hujajua kitu. Zake zinacheza kwenye 1.15, timu kubwa iko nyumbani na kibonde. Tuseme uliweka 1,000 kila mechi, mojamoja. Umetoa 40,000. Zile 34 zimekurudishia 1,150 kila moja, yaani 39,100. Umepoteza 900, na ada yake hujalipa.

Zingetiki 35 ungepata 40,250, faida ya 250. Basi goli moja la dakika za nyongeza linatosha kumgeuza kutoka hasara kwenda faida. Mechi 40 ni chache mno kumpimia mtu. Waambie watu 100 warushe sarafu mara 40 kila mmoja: kama 13 hivi watapata kichwa mara 24 au zaidi, na hakuna anayejua lolote kuhusu sarafu. Mimi ningetaka mechi mia kadhaa, kwa dau lilelile, na odi zikiwa kubwa ningetaka nyingi zaidi.

Kilichonikera hasa ni tarehe. Kuanzia tarehe 11 mpaka 16 hakuna mechi hata moja. Nikafungua kituo chake. Kila posti ina namba mwishoni mwa kiungo chake, na siku hizohizo namba zinaruka kutoka 212 hadi 219. Namba huweza kuruka hata picha zikitumwa kwa mkupuo, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Lakini pale hakuna picha za mkupuo, na posti mbili za jirani zimehaririwa baada ya mechi kwisha. Umekulia hapa Mwaloni, umeona wanunuzi wanavyotumbukiza mkono mpaka chini ya gunia. Wanatafuta mchanga, juu hauonekani.

Kituo kiko wazi, kwa hiyo mfuatilie bila kulipa wala kubeti. Kabla mpira haujaanza, andika saa aliyoposti, mechi, na odi unayoiona wewe kwenye simu yako muda huo. Yake isikushughulishe. Akidai 1.15 na wewe ukakuta imeshuka 1.10, zile 34 zinakurudishia 37,400 tu. Mkeka uliochanika uandike vilevile, hata akiufuta.

Ndani ya boksi la sato utakaopokea Jumamosi nimeweka daftari. Safu nimeshazichora kwa rula, ya mwisho ni ya posti zilizofutwa.

Mama