Picha ya mshukiwa kumbe si yeye

"Watu mtandaoni wakishagundua waliyemtaja si mshukiwa si wanafuta tu posti, huyo aliyefanana naye anaumia nini?"

Posti inafutwa ila skrinshoti zinabaki mzee. Angalia Boston 2013, FBI walitoa picha za washukiwa wa mabomu ya marathoni Aprili 18, zenyewe hazionyeshi sura vizuri, wote wamevaa kofia, mmoja kaigeuza nyuma, watu wa mtandao wa Reddit wakaziweka pembeni ya picha ya mwanafunzi aliyepotea tangu Machi wakasema wamefanana, ndo huyu, usiku huohuo Twita nzima ikawa na jina lake. Familia ilikuwa na peji Facebook ya kumtafuta, ikajaa matusi mpaka wakaifunga, yaani njia yao ya kumpata mtoto ikazibwa, na waandishi wanapiga simu usiku wa manane. Asubuhi polisi wakataja washukiwa halisi, wengine kabisa. Kijana alikutwa mtoni mjini Providence Aprili 23, alishafariki kitambo.

Na yule anayesema "ashtaki tu", sawa, ila unamshtaki nani kati ya maelfu walioshea, wengi majina feki?