Trayo ya nywele za harusi usiifungue kabla ya saa 5 usiku

"Jamani naolewa mwezi wa pili Mombasa, nywele zangu zinafika mabegani tu na zina mawimbi ya asili. Mpambaji amesema trayo ya kujaribu staili nipitie siku yoyote nusu saa inatosha, niione basi. Nibane zote au niachie nusu? Na usiku wa kupamba nitaweka koja la asumini."

Nusu saa?! Dadangu usikubali, tena usikubali kabisa, maana hayo maneno ya "nusu saa inatosha" ndiyo niliyoambiwa mimi neno kwa neno na nikayaamini kwa sababu aliyeyasema kapamba mabi harusi wengi kuliko umri wangu. Nywele zangu ni kama zako, zinaishia begani, mawimbi ya kuzaliwa nayo, si singa za kulala wala si kipilipili cha kushika pini. Na kupamba kwangu pia kulikuwa Februari, ule mwezi ambao ukitoka bafuni unajifuta na bado umelowa.

Trayo yangu ilikuwa wiki 3 kabla, Jumanne asubuhi saa 4, saluni ina eisi mpaka nikaomba mtandio nijifunike. Akazinyoosha nywele kwa draya na brashi ya duara, mawimbi yote yakaisha, halafu akachukua pasi ya kukunjia akatia mawimbi mapya ya kwake, akabana fundo kisogoni chini, akaacha vishungi viwili mbele ya masikio. Dakika 40 kazi imekwisha. Mama yangu akalia machozi ya furaha. Nikapigwa picha mbili, moja ya mbele moja ya ubavuni, kisha nikafungua fundo hapo hapo kitini kwa sababu nilikuwa navaa buibui nirudi nyumbani na sikutaka majirani waone staili kabla ya siku yenyewe.

Kufungua pale kitini ndiko kulikonigharimu usiku wangu. Nililiona lile fundo likiwa na umri wa dakika 10 tu, ndani ya baridi, kichwa hakijavikwa kitu, sijatembea, sijatoa hata tone la jasho. Na usiku wa kupamba bi harusi anaingia ukumbini saa ngapi? Wewe wa Mombasa unajua, saa 4 usiku ukiwa na bahati, na nywele zimebanwa tangu jioni. Kwa hiyo nilichokijaribu mimi ni zile dakika 10 za mwanzo ambazo hakuna mtu hata mmoja atakayeziona, na yale masaa manne yanayofuata nikamwachia Mungu.

Siku yenyewe nikaambiwa nije saluni zioshwe hapo hapo, zikaoshwa kwa shampuu na kondishena ya kutosha, zikawa laini zinateleza kama mlenda. Siku ya trayo zilikuwa za siku mbili, zina mafuta yake kidogo, pini ilikuwa inashika. Safari hii akichomeka pini inatoka yenyewe, akaongeza nyingine, akaongeza spirei, akaongeza pini tena, nilipokuja kuzihesabu usiku zilikuwa 61. Tulianza saa 10 jioni tukamaliza saa 12. Nikavikwa mtandio na buibui juu ya fundo, tukaingia garini kwenda feri ya Likoni maana ukumbi ulikuwa ng'ambo, foleni ikatuweka karibu saa nzima. Tumefika nikawekwa kwenye chumba cha kungojea, feni moja inazunguka kwa huruma, na hapo ndipo likaletwa koja la asumini limenyunyiziwa maji lisinyauke, likachomekwa juu ya fundo.

Sasa fikiria. Koja lina uzito wake, lina maji, na siku ya trayo halikuwepo kabisa, tuliweka ua moja la plastiki "kuonyesha tu litakaa wapi". Naingia ukumbini saa 4 kasoro, fundo limeshuka upande wa kushoto limekaa begani, nywele fupi za shingoni zimechomoka zote zimesimama, na vile vishungi vya mbele vilivyokunjwa vizuri kwa pasi vimefumuka vimekuwa pamba. Binamu yangu alikaa nyuma yangu karibu usiku mzima ameshika fundo kwa mkono na mpiga picha anamwambia sogea. Picha zote za albamu nimeinamisha kichwa kulia ili fundo lisianguke, watu wanadhani nilikuwa naona haya. Mpambaji nikimuuliza ananijibu "nywele zako ndizo hazishiki". Shilingi 12,000 nilimlipa, halafu lawama nikarudishiwa mimi na nywele zangu! Miaka imepita na bado nikikumbuka jibu hilo damu inachemka, kwa sababu yeye ndiye fundi, yeye ndiye aliyetakiwa kujua nywele za namna hii zinafanya nini kwenye joto la pwani, na akachagua kuniambia nusu saa inatosha.

Nywele hazikuwa na kosa, nakueleza ujue. Moto wa draya na pasi hauubadilishi unywele moja kwa moja, unaushika kwenye umbo jipya kwa muda tu, na kinachoufungua ni unyevu. Jasho, hewa ya bahari, maji ya asumini, vyote vinaurudisha kwenye wimbi lake la asili. Yeye alizinyoosha kwanza akaua mawimbi yangu, kisha akatengeneza mawimbi ya bandia, kwa hiyo unyevu ulipoingia nywele zilikuwa zinafumuka kutoka kwenye umbo moja kwenda lingine na njiani zikavimba. Wewe mwambie asinyooshe. Zioshwe nyumbani jioni ya jana yake, kondishena iishie kwenye ncha isifike kwenye mizizi, zitiwe povu la nywele zikiwa mbichi, zisukwe mikia minne mikubwa iliyolegea, ulale nazo. Asubuhi ukifungua mawimbi ni yako mwenyewe, pasi ipite kwenye vishungi vya mbele tu, na kila kishungi kikitoka kwenye pasi kikunjwe kibanwe na klipu mpaka kipoe kabisa ndipo kiachiwe. Kikiachiwa cha moto kinanyooka mwenyewe kabla hujafika mlangoni.

Halafu trayo. Kanuni yangu ni hii moja na nitairudia mpaka unichoke: trayo ifanywe siku nzima kama harusi, na fundo usilifungue mpaka saa ile ambayo ungekuwa umerudi kutoka ukumbini. Mdogo wangu aliolewa mwaka uliofuata, mwezi wa 3, nywele zake pacha wa zangu, na safari hii nilisimamia mwenyewe na mpambaji mwingine ambaye mwanzo alininunia lakini akakubali tukamlipa trayo yake kamili.

Tulifanya Jumamosi, wiki 4 kabla. Nywele zimeoshwa Ijumaa jioni. Akaenda saluni amevaa shati la vifungo, si fulana, maana fulana ukiivua kichwani unabomoa kila kitu. Kazi ikaanza saa 10 jioni ile ile ya siku ya harusi. Nywele za begani hazitoshi kufanya fundo la maana kwa kuzizungusha tu, kwa hiyo mpambaji kwanza alikamata nywele za katikati ya kisogo akafunga mkia mdogo kwa mpira, huo ndio msingi. Zile fupi za shingoni akazipandisha akazipota akazibana kwenye ule mkia kabla ya kitu kingine, kwa sababu hizo ndizo huchomoka wa kwanza. Akaweka sponji ndogo ya duara kulijaza fundo, na nywele za pembeni akazipota akazipitisha juu yake. Pini akazibana mbilimbili zikipishana kama alama ya kuzidisha, ule upande wenye mawimbi ukiangalia ngozi ya kichwa, na zote zikishika kwenye mkia, si kwenye nywele za juujuu. Zilitumika pini 24, mkumbuke mimi 61.

Baada ya hapo nikamnyunyizia koja la asumini la kweli, tulilinunua hasa kwa trayo, likachomekwa, buibui na mtandio juu yake, tukapanda gari tukavuka feri tukarudi. Nyumbani nikamkalisha sebuleni bila feni. Nikampiga picha mbele, nyuma na pande zote mbili saa 12, saa 2, saa 4 na saa 5. Na kati ya saa 2 na saa 4 tukamfungulia chakacha akacheza na dada zetu, shingo na kiuno vyote, maana kwenye kupamba hata kama bi harusi anatakiwa akae ametulia bado atainama kusalimia mashangazi mia.

Saa 2 fundo zima. Saa 4 limeshuka upana wa kidole kimoja. Nikamwambia atikise kichwa taratibu, nikaona fundo linacheza peke yake na kichwa peke yake, hapo ukajua kuna kitu kimebanwa kwenye fundo badala ya msingi. Lilikuwa ni koja, lilichomekwa kwenye nywele za juu likawa linazivuta. Pia mtandio wake ulikuwa mzito wa kitambaa kikavu, umekwaruza vishungi vya mbele vikapoteza umbo. Na alikuwa na maumivu sehemu moja nyuma ya sikio tangu saa 1, pini moja ilimchoma muda wote na angeivumilia kimya siku ya harusi mpaka kichwa kimuume.

Yote hayo tuliyaona tukiwa na wiki 4 mkononi. Tukarudi siku nyingine kwa robo saa tu, mpambaji akahamishia koja kwenye mkia wa msingi kwa pini mbili zake lenyewe, maji yakanyunyiziwa nusu saa kabla ili yakauke juujuu, mtandio tukabadilisha wa satini laini ukawa unatoka nyuma kwenda mbele badala ya kuvutwa juu ya paji. Usiku wa harusi saa 5 na nusu fundo lilikuwa pale pale lilipowekwa, hata mpambaji mwenyewe alipiga picha ya nyuma akaiweka kwenye simu yake.

Kubana au kuachia, kwa Februari bana zote, zikiachiwa begani jasho la shingo litazimaliza kabla hujavuka feri. Na huyo mpambaji wako mpigie leo, usingoje kesho, mwambie unalipa trayo kamili ya masaa mawili, unakuja na asumini yako na mtandio wako, na unaondoka na fundo kichwani. Akisema haina haja, tafuta mwingine sasa hivi ungali na muda. Ukishaifanya rudi hapa na picha ya saa 4 usiku ya upande wa nyuma, utuambie limeshuka vidole vingapi.