TSH ya mtoto mchanga haisomwi kwa viwango vya mtu mzima

Swali: Daktari, mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Mashine yetu ya homoni huchapa viwango vya watu wazima kwa kila mgonjwa: TSH 0.27–4.20 mIU/L na FT4 12–22 pmol/L. Juzi mtoto wa saa 22 alitoka na TSH 19.6 na FT4 24, zote zikawekewa H, na mama akaambiwa mtoto ana ugonjwa wa thairoidi. Siku hiyohiyo mtoto wa siku 23 mwenye manjano yasiyoisha alitoka na TSH 31 na FT4 13.1, na wodi ikasema T4 ni ya kawaida, arudi baada ya mwezi. Nani alikosea, na nirekebishe nini?

Jibu: Kabla ya kusoma zaidi, naomba umpigie simu daktari wa zamu ili mtoto wa siku 23 aitwe leo, kwa sababu ndiye anayehitaji dawa. Yule wa saa 22, kwa majibu uliyoyaeleza, hana dalili ya ugonjwa.

Tuanze na huyu aliyetisha watu bure. Mtoto anapotoka tumboni na kukutana na baridi, tezi yake ya pituitari humwaga TSH kwa nguvu, kiasi kwamba katika nusu saa ya kwanza inaweza kufika 60 hadi 80. Kisha hushuka, na kufikia mwisho wa siku ya kwanza huwa karibu na 20. Thairoidi nayo huitikia msukumo huo, hivyo FT4 hupanda na kubaki juu kuliko ya mtu mzima kwa wiki kadhaa. TSH ya 19.6 pamoja na FT4 ya 24 katika saa ya 22 ni picha ya pituitari inayoita na thairoidi inayoitika. Kwa mtu mzima, homoni hizi mbili kuwa juu kwa pamoja ni jambo la nadra linalohitaji uchunguzi mkubwa, na ndiyo maana H mbili zilizopangana huwashtua hata matabibu wenye uzoefu. Kama TSH hiyohiyo ingekuja na FT4 ya 7, ningekuwa nakuandikia maneno mengine kabisa.

Ndiyo sababu damu ya kuchunguza thairoidi ya mtoto mchanga huchukuliwa baada ya saa 48, na vizuri zaidi siku ya tatu, isipokuwa pana sababu ya kutosubiri. Mtoto huyu apimwe tena siku ya tatu hadi ya tano, na mama aelezwe waziwazi kwamba damu ilichukuliwa mapema mno.

Kwa mtoto wa siku 23, kosa lilikuwa kuitazama FT4 peke yake na kuilinganisha na mtu mzima. Katika umri huu mawimbi ya kuzaliwa yamekwisha, na TSH inatakiwa iwe chini ya 11 hivi. Ikiwa 31, pituitari inalalamika kwamba homoni haitoshi. FT4 ya 13.1 ilipewa N kwa sababu mtu mzima anaruhusiwa kuanzia 12, lakini kwa kipimo hichohicho mtoto wa umri huu anaweza kufika hadi 28, kwa hiyo 13.1 iko karibu kabisa na sakafu. Thairoidi yake inasukumwa kwa nguvu zote ili tu ifike hapo. Mwongozo wa kimataifa unaofuatwa sana unasema TSH ya damu ya mshipa ikizidi 20, tiba ianze hata FT4 ikionekana ya kawaida. Kusubiri mwezi kungekula siku ambazo ubongo wa mtoto unaitegemea homoni hii, na manjano yasiyoisha yalikuwa tayari yanatoa ishara.

Tuseme ana kilo 3.6. Kwa kuwa FT4 haijaporomoka, dozi ya kuanzia ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa siku, yaani 36, na tembe moja na nusu ya levothairoksini ya mikrogramu 25 inatupa 37.5. Tembe husagwa na kuchanganywa na maziwa ya mama kidogo, kijiko kimoja tu, kisha hupewa papo hapo; isichanganywe na dawa ya madini ya chuma.

Kosa la tatu huja baadaye, nami nimeliona mara nyingi kuliko haya mawili. Baada ya wiki mbili mtoto hurudi, na majibu huwa, kwa mfano, TSH 7.4 na FT4 25.2. Mashine huchapa H kwenye zote mbili, na mtu mwenye nia njema hupunguza dozi. Lakini lengo la tiba ni kuiweka FT4 katika nusu ya juu ya kiwango cha umri wake, na 25.2 imo humo humo. TSH nayo inashuka vizuri. Dozi haiguswi. Ni muhimu pia damu ichukuliwe kabla ya dozi ya siku hiyo, au angalau saa nne baada yake, kwani mapema zaidi FT4 huonekana juu kuliko ilivyo.

Kuhusu mashine yako, fungua karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi la kitendanishi, kwa sababu viwango hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Usinakili vya hospitali jirani yenye mashine nyingine. Mara nyingi utakuta makundi ya umri: siku 0 hadi 6, kisha hadi miezi mitatu, hadi mwaka, na kuendelea hadi ujana, ambapo ukomo wa juu wa TSH unakaribia wa mtu mzima. Yaingize yote. Kwa watoto wakubwa unaweza kuyahakiki kwa sampuli 20 za watoto wasio na ugonjwa wa thairoidi, na zisipozidi mbili nje ya kiwango, kinakubalika.

Hata hivyo, kundi la siku 0 hadi 6 bado litakudanganya, kwa kuwa ukomo wake wa juu ni karibu 15 na lingempa H yuleyule mtoto wa saa 22. Linachanganya siku ambayo TSH inaporomoka na siku ambayo imetulia. Kwa hiyo fomu ya maombi iwe na tarehe na saa ya kuzaliwa, na sampuli yoyote ya kabla ya saa 48 itoke bila H wala L, ikiwa na maelezo kwamba umri ni saa kadhaa na kipimo kirudiwe.

Jambo moja zaidi, ambalo viwango vya umri havilitatui. Mtoto mchanga akiwa na sukari inayoshuka mara kwa mara, na uume mdogo sana kama ni wa kiume, FT4 ikawa 8 na TSH ikawa 3, TSH hiyo si ya kawaida hata ikichapwa N. Pituitari ilipaswa kupiga kelele, nayo imenyamaza. Hapo tatizo liko kwenye pituitari yenyewe, na kotisoli ipimwe kabla ya levothairoksini kuanza.