Shangazi, chakula cha afya kwa hela hii ya matumizi nitakiweza?

"Shikamoo Shangazi. Naishi Mbagala, tuko watano: mimi, baba watoto na watoto watatu. Baba anaacha 12,000 kwa siku. Chai na maandazi na chapati za dirishani zinakula 3,000, nyama robo 3,000, zinazobaki ni unga, mchele, mafuta na mkaa. Nimeanza kukimbia alfajiri na wenzangu wananiambia ninunue unga wa protini. Baba anasema chakula cha afya ni cha matajiri. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Hela imejificha kwenye hiyo chai. 3,000 kila siku ni 21,000 kwa wiki, na saa nne watoto wana njaa tena. Wiki hii pika uji wa dona wenye karanga za kusaga, siku nyingine chemsha viazi vitamu. Dona kilo mbili, karanga nusu kilo na viazi, tuseme 10,000. Inabaki 11,000, ambayo inatosha maharage kilo moja na mayai kumi, na chenji kidogo. Bei za soko lako unazijua kuliko mimi, rekebisha hapo.

Sasa ile nyama. Robo kwa watu watano ni gramu 50 kila mmoja, yaani protini kama gramu 10, tena kama baba hajapewa vipande vyote. Maharage makavu nusu kilo yanampa kila mtu karibu gramu 20, kwa bei ya chini. Basi nyama ibaki Jumapili, katikati ya wiki iwe maharage, siku mbili dagaa. Dagaa usiwaache, maana maharage hayana vitamini B12.

Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, ndipo uinjike. Mkaa utaokoa mwingi. Madini yake ya chuma mwili huyachukua kwa shida, kwa hiyo kamulia limau kwenye mchicha wa pembeni, na chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya kula. Hapo wengi tunakosea.

Unga wa protini achana nao. Kabla ya kukimbia kula ndizi moja, ukirudi kunywa uji na yai la kuchemsha, mchana ongeza upawa wa maharage. Ukiona miguu mizito na usingizi wa mchana wiki nzima, huli vya kutosha, ongeza kiazi. Ila kama uchovu hauishi na unahema kwa kupanda ngazi tu, nenda zahanati wakapime damu.

Baba usibishane naye. Andika matumizi ya wiki kwenye daftari, umpe asome mwenyewe.

Na dona usinunue ya mwezi mzima. Kiini cha mahindi kina mafuta, unga ukikaa kwenye joto la Dar unachacha. Onja kidogo ukiwa mkavu: ukiwa mchungu, umeshaharibika.