Ukishazoewa kwa Sura Moja: Maswali Yenu Kuhusu Uigizaji

Mzee Ojwang alikuwa Mjaluo wa wapi hasa? Tunabishana kazini.

Swali hili limenifikia tena na tena, na jibu lake halijabadilika. Hakuwa Mjaluo. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Ule Uluo mliousikia kwenye kipindi cha vichekesho cha Vitimbi ulikuwa kazi ya masikio na ulimi. Aliisikiliza lafudhi ya wenyewe mpaka akaweza kugombana na Mama Kayai, mkewe wa kwenye kipindi, kwa lafudhi hiyo bila kuteleza, mwaka baada ya mwaka, na nchi nzima ikaamini.

Nalirudia kwa sababu siku hizi usaili umegeuzwa ukaguzi wa makabila. Kijana anaingia, anataja jina lake, na kabla hajafungua skripti anaambiwa, "Haya, ongea kama watu wa kwenu." Akikubali leo, kesho ataitwa kwa lafudhi hiyohiyo, awe daktari au mwizi wa kuku. Waongozaji, kama lafudhi ni sehemu ya mhusika, iandikeni kwenye maelezo ya uhusika kisha mtafuteni anayeiweza, atoke popote. Kwa kipimo cha ukoo, Ojwang tusingempata.

Nikinenepa nitapata nafasi za vichekesho?

Hapana, na usiuchezee mwili wako kwa nafasi ambayo hujaahidiwa.

Nimecheza hausigeli mara nne. Nimeitwa tena, ni hausigeli. Nikatae?

Usikatae kabla hujaisoma skripti, dada. Wanakuita kwa sababu unawaokolea muda. Mtazamaji akikuona na kitambaa kichwani anajua wewe ni nani, kwa hiyo mwandishi hahitaji onyesho la kukutambulisha. Siku za kushuti zikiwa chache, sura iliyozoeleka ni nafuu kwao. Anayelipia nafuu hiyo ni wewe.

Ichukue skripti, upigie mstari kila mahali mhusika wako anapoingia. Kisha jiulize: anataka nini hapa? Ukikuta anabeba sinia, anasema "Karibu chai," anatoka, halafu anarudi kusikiliza ugomvi mlangoni, hiyo ni samani yenye mdomo. Ukikuta ameficha barua ya bosi kwa sababu zake mwenyewe, na barua hiyo inageuza hadithi, hiyo ni nafasi kamili hata kama sare ni ileile. Ichukue. Aliyezoewa na watazamaji akifanya jambo wasilolitarajia, wanamkumbuka kuliko mgeni.

Ikiwa ni ile ya sinia na kodi ya nyumba inakusubiri, icheze, lakini siku ileile ya kujibu watumie na video ya dakika mbili. Jirekodi kwa simu, ukuta mtupu nyuma, ukiwa mtu mwingine kabisa: mwanamke anayedai ardhi ya marehemu baba yake mbele ya wajomba, kwa mfano. Usivae mavazi ya kuigiza wala usiweke muziki. Mwongozaji hawezi kukuwazia pengine ikiwa hajawahi kukuona pengine. Wengi hulalamika kwamba wamefungwa ndani ya sura moja huku video zote wanazosambaza ni za sura hiyohiyo.

Kingine: usiruke mbali mara moja. Kutoka hausigeli hadi jaji katika kazi moja, watazamaji watacheka mahali pasipo na kichekesho. Pitia muuza duka mwenye madeni, au mama mkwe.

Kwa nini Papa Shirandula hakutafutiwa mwigizaji mwingine?

Kwa sababu jina la kipindi, jina la mhusika na mwili wa Charles Bukeko vilikuwa kitu kimoja. Kumbuka wazo lenyewe: mlinzi anayetoka nyumbani na suti ili mkewe aamini ana kazi ya ofisini, akifika kazini anavaa sare. Kichekesho kizima kilikaa kwenye mwili ule, unavyojaa ndani ya suti na unavyonywea ndani ya sare. Angekuja mwingine, watu wangetazama tofauti badala ya hadithi. Bukeko alifariki Julai 2020, na kipindi kikaishia hapo.

Watayarishaji wanaoita kipindi kwa jina la mhusika mmoja wajue riziki ya kundi zima wameitundika kwenye pumzi ya mtu mmoja. Na ninyi mnaocheza pembeni yake, tazameni Jacqueline Nyaminde, aliyecheza mke wa Papa. Jina Wilbroda alilipewa na kipindi, naye akaingia nalo redioni, likamlisha nje ya seti. Kabla hujatia sahihi, tafuta kwenye mkataba kifungu kinachosema jina la mhusika ni mali ya nani na kama unaruhusiwa kulitumia kwenye matangazo na sherehe. Kisipokuwepo, omba kiandikwe siku hiyohiyo, wakati bado hakuna anayelijua jina hilo.